Kikundi "Nyumba ya Sebleni": hati kwanza au friza?

20:02 Salma: Assalaam alaykum jamaa. Mamlaka ya Hali ya Hewa washatoa tahadhari ya mvua kubwa Unguja na Pemba kuanzia kesho usiku. Si angalizo mara hii, ni tahadhari. Bi Mkubwa yuko pale pale chini. Nataka usiku huu tujue nini kinatoka, kwa mpango gani na nani anabeba.

20:11 Salma: Mnasoma nyote naona. Mbona kimya?

20:19 Hamadi: Wa alaykum salaam. Sie wa Sebleni masika hatuendi sokoni, samaki wanatufata ukumbini.

20:20 Salma: Hamadi sitaki masihara. Mie nimeshapanga. Friza ndiyo ya kwanza, tumeinunua kwa mchango na pesa yake haipatikani tena. Halafu tivii, halafu magodoro, halafu kabati. Vitu vidogo vitafuata.

20:26 Nassor: Shemeji Salma, samahani. Friza iwe ya mwisho.

20:26 Salma: Ya mwisho vipi Nassor? Hiyo ndiyo ghali!

20:31 Nassor: Ghali ndiyo, lakini inataka wanaume wanne na mlango wa nyuma ule mwembamba. Mtamaliza saa nzima mnaisukuma, maji yakija yatawakuta na friza mlangoni na makaratasi yote bado yako chini. Friza ikifa itanunuliwa nyengine, kwa taabu lakini itanunuliwa. Bi Mkubwa akipoteza hati ya kiwanja, hakuna duka.

20:33 Hamadi: Makaratasi yako wapi kwani?

20:34 Time: Kwenye kasha la Bibi, chini kabisa, kwenye ile mitoto ya kasha. Na kasha liko sakafuni.

20:34 Hamadi: Basi kasha tulibebe zima zima, si lina njumu, litatupendeza njiani 😂

20:35 Salma: Hamadi!!

20:38 Khalfan: Shangazi, siku hizi mnapiga picha tu kila karatasi kwa simu mnaweka humu kikundini. Hakuna haja ya kubeba. Au tukazigandishe kwa plastiki, hazilowi tena.

20:44 Time: Kaka Khalfan, kupiga picha sawa, na tupige usiku huu huu. Lakini picha ya hati si hati. Ukienda nayo mahakamani au ofisi ya ardhi wataitaka yenyewe. Na tusiigandishe plastiki hati ya asili, ule moto na gundi havitoki tena, na maji yakipenya pembeni yanabaki ndani. Pia si kila picha iwekwe humu, humu tuko watu ishirini na kitu na wengine hatuwajui wanashika simu ya nani.

20:45 Khalfan: Mimi nimesema picha. Nusu yake nimepata 😅

20:49 Time: Mie kazini nashinda na makaratasi, nakwambieni ninavyofanya. Ndoo ya rangi ile ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ikaushwe vizuri. Ndani hati ya kiwanja, karatasi za mirathi za marehemu babu, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa cha Bibi, vitambulisho vya Mzanzibari, vyeti vya skuli vya wale watoto, kadi ya kliniki. Kila fungu kwenye mfuko wake. Mfuniko ukibanwa hata ikianguka majini inaelea.

20:50 Hamadi: Mifuko ya nailoni si marufuku Zanzibar, au ndoo ina kibali?

20:51 Salma: 🙄

20:53 Zuwena: Assalaam alaykum, huku Wete nako mawingu meusi tangu alasiri. Mie nina gunia mbili za karafuu nilizibakisha nikingoja bei, ziko kwenye banda la makuti. Dada Salma, hiyo friza yenu ingenifaa kuziweka karafuu?

20:55 Salma: Zuwena mwanangu, tunazungumza nyumba ya Sebleni.

20:58 Nassor: Zuwena, karafuu zisiingie kwenye friza, zitapata unyevu ukizitoa. Zitoe kwenye banda, ziweke juu ya chaga ndani ya nyumba, zisiguse sakafu wala ukuta. Zikilowa zinapata ukungu na hata ukizikausha tena haziwi daraja lile lile.

20:59 Zuwena: Nyumba nayo yavuja shemeji.

21:02 Salma: Turudi. Nassor, unasema hati kwanza. Halafu?

21:10 Nassor: Kwanza tujue maji yanafika wapi. Hamadi, ile alama ya masika ya 2017 bado ipo ukutani?

21:12 Hamadi: Ipo ukumbini. Chini ya soketi kidogo. Nimepima kwa futi ya fundi sasa hivi, sentimita 60.

21:18 Nassor: Basi hesabu inaanzia hapo, si kwenye bei. Chochote kilicho chini ya 60 kihesabuni kimelowa. Bloku mbili zikilazwa zinapata sentimita 30 tu, kwa hiyo anayesema friza ipandishwe kwenye bloku anajidanganya, mota iko chini nyuma na itazama. Kitanda cha samadari cha Bi Mkubwa kikoje?

21:19 Time: Godoro linanifika kiunoni.

21:22 Nassor: Hiyo ndiyo dari yenu ya pale pale. Tivii na cherehani viende juu ya samadari. Friza mchomoe waya, muitoe vyakula, muifunge kamba kwenye nondo ya dirisha, maana friza tupu inaelea na ikipinduka inaziba mlango. Likipatikana gari kesho asubuhi itoke, lisipopatikana ndiyo imekaa.

21:23 Mwanahawa: Cherehani ipi hiyo?

21:24 Salma: Mwanahawa umeamka.

21:26 Mwanahawa: Mie nimesoma toka mwanzo. Najua mnakokwenda. Mtaniambia "Michenzani ghorofa ya tatu, maji hayafiki, tuleteeni vitu kwa Mwanahawa." Sawa. Ila mara hii kila kitu kiandikwe. Mwaka ule vitu vilikaa kwangu miezi na mwisho mie ndo nikaitwa mwizi wa sufuria.

21:27 Salma: Hakuna aliyesema mwizi.

21:27 Mwanahawa: Ulisema mbele ya wifi zangu Salma. Sufuria ya pilau, ile ya ratili. Siku ya arubaini.

21:28 Hamadi: Sufuria hiyo ina miguu, ikifika Michenzani inapenda kukaa juu 😂

21:28 Mwanahawa: Hamadi ukitaka kucheka nenda pwani.

21:29 Salma: Kwani ilirudi?

21:41 Khalfan: Ahh jamani maji yanakuja sie tuko kwenye sufuria.

21:44 Time: Chakula hatujakisema. Mchele una gunia zima jikoni na umekaa sakafuni juu ya jamvi. Maji yakigusa chini ya gunia yanapanda ndani kabla hujaona.

21:50 Nassor: Kweli. Gunia zima msilibebe, lina kilo 50 na likichanika njiani ndiyo kwisha. Mchele umiminwe kwenye ndoo za mfuniko, kila moja ijae nusu ili mtu mmoja aweze kuinyanyua. Kilichogusa maji yale hakiliwi, hata ukikosha mara saba, maana Sebleni maji ya mvua na ya makaro yanakutana barabarani. Kipindupindu hakingoji ruhusa. Makopo mazima yataoshwa baadaye kwa maji ya klorini. Na mjaze madumu ya maji ya kunywa usiku huu, kisima kikifunikwa hakichoteki.

21:52 Salma: Kwani mvua kiasi gani hiyo?

21:56 Nassor: Mvua kubwa kwa hesabu zao ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Paa lenu likiwa mita kumi kwa kumi, hiyo ni lita 5,000 zinazoteremka kwenye uani wenu peke yake, na mtaro umejaa matakataka ya wiki tatu.

21:57 Hamadi: Sikujua tuna paa kubwa hivyo.

22:03 Salma: Dawa za Bi Mkubwa?

22:05 Time: Nimeziweka na hati, ila insulini iko kwenye friji. Nitaitia kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana na barafu kidogo iliyofungwa kitambaani, isiigande. Anayoitumia sasa hivi inavumilia nje ya friji wiki kadhaa, jua tu lisiipige.

22:09 Nassor: Sikilizeni la mwisho. Dalili yenu ni choo. Kikianza kugugumia na kutoa mapovu wakati mvua bado haijawa kali, maji yashapanda chini kwa chini. Hapo vitu basi, hutoki na friza wala godoro. Anatoka Bi Mkubwa, ndoo ya hati, dawa, na Time anazima swichi kuu, mkono mkavu, miguu mikavu. Kama maji yashaingia na uko ndani yake, swichi usiiguse, mpigie Shirika la Umeme.

22:10 Hamadi: Na paka?

22:10 Time: Paka kabla yako.

22:31 Time: Nimemsomea Bibi yote. Amenambia niandike kama anavyosema:

"Salma, Mwanahawa. Mie bado niko hai na mnagombana sufuria. Sufuria niliitoa mie kwa mwenyewe, na sikumwambia mtu kwa kuwa haikuwahusu. Isitajwe tena mbele yangu. Hati ya kiwanja itakaa kwa Time, hana fungu pale na hana wa kumwambia. Nakala atapewa kila mmoja wenu. Nyumba naijua, mie sitoki kwa mawingu. Nitatoka choo kikisema."

22:32 Hamadi: 🙏

22:40 Mwanahawa: Sawa mama.

22:47 Salma: Nimesikia mama. Lakini choo kikisema usiku wa manane atashikwa mkono na nani mpaka barabara kuu?

22:48 Hamadi: Mie nipo.

22:48 Salma: Wewe huamshwi na adhana.

22:55 Mwanahawa: Funguo ya mlango wa chini ninayo, kilichobaki ni gari. Kombo kimya toka saa mbili. Rikwama moja kesho baada ya Alfajiri ingetosha kwa ndoo, mchele na tivii.

22:56 Salma: Si alfajiri, kabla. Nimesema usiku huu.

23:02 Nassor: Hati usiku huu kwa mkono, shemeji. Mchele na vitu asubuhi.

23:03 Salma: Nani anakuja kuchukua hati usiku huu?

23:30 Zuwena: Nimeziingiza karafuu chumbani kwa mama mkwe. Hajapenda.

05:52 Kombo: Assalaam alaykum. Nilikuwa kwenye boti, naona sasa hivi niko Malindi. Gari iko kwa fundi, ila fundi nampitia. Friza inatoka au haitoki?