Naomba ushauri: lengo na nadharia tete ya ripoti yangu ya amilesi

Chipukizi_Baiolojia:
Habari zenu wanajukwaa. Msimamizi wa maabara amenirudishia ripoti, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza ameandika: "Ulipima nini, na ulitarajia nini?" Niliandika hivi:

*Lengo: Kujifunza kuhusu vimeng'enya na kuelewa jinsi halijoto inavyoviathiri.*
*Nadharia tete: Halijoto itaathiri utendaji wa kimeng'enya.*

Tulichanganya amilesi ya kuvu na myeyusho wa wanga katika nyuzi 20, 30, 40, 50, 60 na 70 za Selsiasi, ndani ya bafa ya pH 5.5, na kila halijoto tuliirudia mara tatu. Kila sekunde 30 tulichukua tone na kulitia kwenye iodini, hadi rangi ya bluu-nyeusi ilipokoma kutokea. Wanga uliisha upesi zaidi kwenye nyuzi 50, na kwenye nyuzi 70 rangi ilikuwa bado inatokea tulipokomea dakika ya 10. Kabla ya jaribio nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba natarajia takriban nyuzi 40, kwa kuwa amilesi ya mate hufanya kazi vizuri karibu na joto la mwili. Je, naweza sasa kuandika 50?

Takwimu_Kwanza:
Nadharia tete ya kisayansi sharti iseme kwamba hakuna tofauti baina ya halijoto hizo, kisha data ndiyo iikatae. Andika hivyo na utakuwa salama.

Mkongwe_wa_Maabara:
Ndugu Takwimu, kauli hiyo ina mahali pake, nayo ni sehemu ya uchambuzi, iwapo kweli atafanya jaribio la kitakwimu. Msimamizi ameuliza mwanafunzi alitarajia nini, na hakuna aliyeingia maabara akitarajia nyuzi 20 na 70 zitoe matokeo sawa.

Chipukizi, anza na lengo. Kujifunza ni faida uliyoipata wewe, wala si kitu kilichopimwa kwenye mirija. Taja ulichokibadilisha, ulichokipima na kimeng'enya chenyewe, kwa sababu "vimeng'enya" ni vingi nawe ulikuwa na kimoja tu. Ulichopima ni muda wa wanga kutoonekana tena kwa iodini, na kasi utaikokotoa kutokana na muda huo. Angalia sana hapo: muda ukipungua, kasi imeongezeka. Ukiandika "itapanda kisha itashuka" bila kusema ni muda au ni kasi, msomaji anaweza kuelewa kinyume kabisa cha ulichokusudia.

Kuhusu nyuzi 50, jibu ni hapana. Nadharia tete ni matarajio ya kabla ya matokeo, na daftari lako linaonyesha 40. Iache, pamoja na sababu yake. Amilesi ya mate na ya kuvu hutoka kwa viumbe tofauti na huvumilia joto kwa viwango tofauti, kwa hiyo pengo kati ya 40 na 50 litakupa jambo la maana la kueleza kwenye mjadala. Ukilifuta, mjadala wako utabaki mtupu.

Viazi_na_Sukari:
Katika ripoti yangu ya osmosisi ya vipande vya viazi niliandika ndani ya lengo ujazo wa kila myeyusho na dakika za kuloweka. Je, naye aweke mililita zote?

Mkongwe_wa_Maabara:
Hapana, hizo ni za sehemu ya mbinu. Katika lengo, mipaka ya halijoto inatosha.

Chipukizi_Baiolojia:
Asanteni sana. Nimeandika upya:

*Lengo: Kuchunguza jinsi halijoto, kuanzia nyuzi 20 hadi 70 za Selsiasi, inavyoathiri kasi ya amilesi ya kuvu kuvunja wanga katika pH 5.5, kwa kupima muda unaopita hadi iodini isionyeshe wanga tena.*

*Nadharia tete: Kasi ya kuvunjwa kwa wanga itaongezeka kutoka nyuzi 20 hadi takriban 40, kwa sababu molekuli zitagongana mara nyingi zaidi na kwa nishati kubwa zaidi, kisha itapungua, na jaribio litathibitisha kwamba umbo la kimeng'enya limeharibika.*

Mkongwe_wa_Maabara:
Lengo limekaa sawa. Katika nadharia tete, badili kipande cha mwisho, kwa kuwa iodini inaonyesha wanga tu, na umbo la kimeng'enya hamkulipima. Andika "kisha itapungua, kwa sababu joto kubwa linatarajiwa kuharibu umbo la kimeng'enya". Hapo uharibifu unabaki kuwa sababu ya utabiri wako, bila kudai kwamba umeuthibitisha.

Takwimu_Kwanza:
Bado nasisitiza aulize idara yake, kwani kwetu ripoti isiyo na kauli ya kutokuwapo kwa tofauti hukatwa alama, hata kama utabiri umeandikwa vizuri.

Chipukizi_Baiolojia:
Nitamuuliza msimamizi. Mwenzangu wa kundi ameandika katika lengo lake "kubaini halijoto bora ya amilesi". Je, hilo linakubalika?

Mkongwe_wa_Maabara:
Mimi nisingeliandika. Mlipanda kwa hatua za nyuzi 10, hivyo kilele halisi kinaweza kuwa popote kati ya 40 na 60, na kupima kila sekunde 30 kunaficha tofauti ndogo. Wapo wasimamizi wanaolikubali endapo ataandika "kukadiria".