Laisal-birra au laisal-birru?

Mama Rehema: Assalaam alaikum. Ustadh, Baqara aya ya 177 inaanza "Laisal-birra". Juzi ulitufundisha kwamba laisa ni dada yake kaana, na ismu yake ina dhumma. Hii fataha imetoka wapi?

Shangazi Mwana: Waalaikumus salaam. Labda ni kosa la chapa, mwanangu. Tazama aya ya 189, ni "laisal-birru".

Kaka Nasoro: Si kosa, shangazi, hata msahafu wangu uko hivyo. Jumla ilikuwa "al-jawwu baaridun", ikaingia kaana ikawa "kaanal-jawwu baaridan". Neno la kwanza hubaki na dhumma, la pili hupata fataha. Basi hapa laisa imelipa fataha la kwanza, sijui kwa nini.

Ustadh: Waalaikumus salaam. Nasoro, kaana haihesabu nani amekaa mbele. Inatazama nani anazungumziwa, ndiyo ismu, na nini kinasemwa juu yake, ndiyo khabari. Khabari inaweza kutangulia, na fataha yake ikaja nayo. Endelea kusoma: "an tuwalluu wujuuhakum", yaani kuelekeza nyuso zenu. Hilo fungu zima ndilo ismu ya laisa. Halionyeshi dhumma kwa kuwa si neno moja. Al-birra ni khabari iliyotangulizwa.

Mama Rehema: Na ile ya 189?

Ustadh: Pale ni "bi-an ta'tul-buyuuta". Ile bi huzidishwa kwenye khabari ya laisa, haiingii kwenye ismu yake. Basi khabari imeshajulikana, al-birru ndiyo ismu, lazima iwe na dhumma.

Mama Ilham: Samahani Ustadh, na mimi nina langu. Mwanangu kaandika "kaanatil-banaatu mujtahidaatan", kapigwa mkasi. Si khabari ya kaana ina fataha?

Ustadh: Khabari ni mansubu, hapo mtoto kaelewa. Ila wingi wa kike wenye -aat alama yake ya nasbu ni kasra: "mujtahidaatin". Wangekuwa wavulana, "mujtahiduuna" ingegeuka "mujtahidiina". Mwambie atafute alama ya neno lenyewe, asikariri fataha peke yake.

Mama Ilham: Ahsante sana, nitamwambia akirudi chuoni.

Kaka Nasoro: Ustadh, nilikaa na jamaa anayesoma kwa kisomo cha Warshi, 177 akaisoma "laisal-birru". Nikamsahihisha!

Ustadh: Mwombe radhi, Nasoro. Fataha hapo ni kisomo cha Hafsi na Hamza. Wengine wamesoma kwa dhumma: al-birru ismu, "an tuwalluu" khabari. Zote mbili ni sahihi.

Shangazi Mwana: Sasa ipi iliyo bora kwa nahau?

Ustadh: Wanaopendelea fataha husema "an tuwalluu" imejulikana zaidi, basi inafaa kuwa ismu. Wenye dhumma husema asili ni ismu kufuata laisa. Mimi naegemea fataha.

Kaka Nasoro: Mimi bado naona dhumma. Tuonane baada ya Isha, nakuja na msahafu.