Nibonyeze F11 nirudishe HP katika hali ya kiwandani, au nisiiguse? Naomba ushauri

DukaLaArua

Habari zenu wakuu. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Arua. Laptopu ya kazi ni HP Pavilion ya zamani kidogo, ilikuja na Windows 8, baadaye ikapandishwa hadi Windows 10. Diski yake ni ya GB 500. Kuna C, kuna E ambako naweka kazi za wateja, halafu kuna D iliyoandikwa RECOVERY, ya GB 20 hivi, na karibu imejaa tangu zamani.

Siku hizi imekuwa nzito mno. Ikiwaka inachukua muda wa kuchemsha chai. Nikifungua Word inaganda, kipanya kinasimama, baada ya muda inaendelea kama hakuna kilichotokea. Nashuku virusi, maana flashi za wateja zinatoka kila mahali.

Kijana mmoja wa hapa mjini ananiambia niizime, niiwashe huku nabonyeza F11, itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Nauliza: E itabaki? Office na draiva ya printa vitarudi? Na je, njia hii ina kikomo gani? Nina vyeti vya watu na kazi za shule humo, sitaki kuvipoteza.

KijanaMbale

Dada, bonyeza tu F11 bila wasiwasi. D ndiyo kazi yake hiyo. Ukimaliza unarudi kwenye Windows 10 safi, virusi vyote kwisha. Mimi nimefanya hivyo kwenye Windows 10 kupitia "Reset this PC", ikawa nyepesi kabisa. Ni kitu kilekile.

FundiWandegeya

Kijana, umepatia nusu. Hivyo ni vitu viwili, na tofauti yake ndiyo inayomhusu dada yetu.

"Reset this PC" ya Windows 10 haitumii picha ya HP iliyoko D. Inajenga Windows upya kutokana na mafaili yake yenyewe yaliyomo kwenye C, kwa hiyo unabaki na Windows 10. Picha ya kiwandani ni ile Windows aliyonunua nayo, pamoja na draiva na programu za HP za wakati huo. Yake ni Windows 8. Akifanikiwa kuirudisha, anapata Windows 8 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2016. Hata 8.1 ilifikia mwisho Januari 2023. Atakuwa na mashine "mpya" isiyopata masasisho ya usalama, dukani ambako flashi za watu zinaingia kutwa nzima.

Dada, kabla ya lolote, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika:

```
reagentc /info
```

Angalia mstari wa "Recovery image location". Ukiwa mtupu, ujue Windows 10 yako haijui habari za picha ya HP, hata kama GB 20 ziko palepale. Ni jambo la kawaida kwa mashine zilizopandishwa kutoka 8. F11 basi itakufungulia skrini ya bluu ya "Choose an option", na wengi wanadhani ndiyo ya HP. Ingia "Troubleshoot". Ukiona kigae cha "Recovery Manager", njia ya HP bado ipo. Usipokiona, umebaki na "Reset this PC" peke yake. Angalia tu, usibonyeze cha kufuta.

Kuhusu E: programu hizi za HP zina njia ya kusafisha C tu, na ipo inayopanga diski nzima upya kama siku ya kwanza. Hiyo ya pili haiijui E yako, itaipitia juu. Kwa hiyo hesabu E kama kitu kinachoweza kupotea. Office uliyoiweka baadaye hairudi, draiva ya printa hairudi. Kitakachorudi ni ile Office ya majaribio kama HP waliiweka.

MwalimuGulu

Naomba niingilie hapohapo. Mimi nina Lenovo ya mtumba, nimeambiwa kuna kitufe kidogo cha Novo pembeni, unachokoa kwa pini. Nimechokoa, menyu inatokea, nachagua "System Recovery", inaniletea mambo ya Windows tu, hakuna picha ya kiwandani. Pia ukiingia BIOS inaomba nenosiri ambalo aliyeniuzia halijui. Nikipata hiyo rikava, nenosiri litaondoka?

FundiWandegeya

Mwalimu, nenosiri la BIOS halikai kwenye diski. Liko kwenye chipu ya ubao mkuu, na hakuna rikava ya diski inayolifikia. Rudi kwa aliyekuuzia, au aliyemuuzia yeye.

Hilo la Novo, fungua Disk Management utazame. Laptopu nyingi za mtumba zinafika kwetu zimeshabadilishwa diski, ile ya zamani imetolewa ikawekwa SSD na kupigwa Windows tupu. Patisheni ya kiwandani iliondoka na diski yake. Kitufe kipo kwa sababu ni sehemu ya mashine, lakini kinachotafutwa hakipo. Lenovo wana huduma yao ya kupakua picha ya kiwandani kwa namba ya mashine, ila si kwa kila modeli. Jaribu namba iliyoandikwa chini.

MamaBusia

Dada wa Arua, mimi si fundi ila nina swali. Unaposema inaganda halafu inaendelea, unasikia mlio wowote? Ya kwangu ilikuwa inafanya vivyo hivyo na kumbe haikuwa virusi.

DukaLaArua

Mama, nikitega sikio kuna tik-tik ya mbali hasa ninapofungua mafaili ya E. Nilidhani ni feni.

Fundi, nimefanya ulivyosema. "Windows RE status: Enabled", na "Recovery image location" ni tupu kabisa. Kwenye "Troubleshoot" hakuna "Recovery Manager". Hapo F11 ya HP imekufa, sivyo?

FundiWandegeya

Mlango umekufa, picha yenyewe huenda ni nzima ndani ya D. Lakini iache hiyo kwanza. Mama Busia ameuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia.

Kuganda kisha kuendelea ni dalili ya diski inayojaribu kusoma sehemu moja mara nyingi mpaka ifaulu. Virusi huifanya mashine iwe nzito muda wote. Diski mbovu huigandisha kwa vipindi, hasa ukigusa mafaili fulani, kama ulivyosema kuhusu E. Na hapa ndipo kikomo kikubwa cha patisheni ya rikava: inakaa kwenye diski ileile unayotaka kuiokoa. Rikava inaanza kwa kuifuta C, halafu inasoma GB nyingi mfululizo kutoka D na kuziandika. Diski ikigoma katikati, huna Windows ya zamani wala mpya, na umeshaichosha diski ambayo ingekupa mafaili yako.

Fanya hivi. Zima kabisa. Washa huku unagonga Esc mpaka menyu ije, halafu F2, "System Diagnostics". Hii haihitaji Windows. Chagua jaribio fupi la diski. Ikifeli itakupa "Failure ID" ya herufi na namba 24. Piga picha kwa simu. Chomeka chaja, maana umeme ukikatika na betri imechoka, jaribio linakatika.

KijanaMbale

Sikuwa nimefikiria diski. Lakini Fundi, si angeendesha chkdsk tu irekebishe?

FundiWandegeya

Si sasa. `chkdsk /r` inasoma diski nzima na kuhamisha vilivyomo kwenye sehemu mbovu. Kwenye diski inayokufa hayo ni masaa ya kuisukuma kabla mafaili hayajatoka. Nakala kwanza.

DukaLaArua

Imefeli. "Hard Disk Short DST: Failed", na namba ndefu ya herufi imetokea. Nimeipiga picha. Pia nimeangalia Event Viewer kama binti yangu alivyonionyesha, kuna mistari mingi yenye chanzo "disk", Event ID 7, inasema "has a bad block". Moyo umenienda mbio.

FundiWandegeya

Basi una uhakika. Usibonyeze F11, usifanye "Reset". Anza kunakili sasa kwenye diski ya nje, na mpangilio uwe huu: vyeti na kazi za wateja kwanza, folda moja baada ya nyingine, video na miziki mwisho kabisa. Faili likigoma liruke, uendelee na mengine. Usikae ukilazimisha moja wakati mia zinasubiri. Nakala ikikwama kila mara ndani ya Windows, washa mashine kwa flashi ya Linux unakili kutoka huko.

Ukimaliza, nunua SSD, Windows 10 iwekwe upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Tenga bando, ni GB kadhaa. Flashi iwe na GB 8 au zaidi. Ikiuliza ufunguo, chagua "I don't have a product key", halafu toleo lilelile ulilokuwa nalo, Home kwa Home. Kama Windows 10 yako ilikuwa imeamilishwa kihalali, leseni imefungwa kwenye ubao mkuu na Microsoft wanaitambua ukiunganisha mtandao. Kubadilisha diski peke yake hakuiondoi.

AskariMstaafu_Jinja

Mimi ningeikloni diski yote kwenda SSD. Hapo RECOVERY inahama pia, hupotezi chochote.

FundiWandegeya

Mzee wangu, kwenye diski nzima ningekubaliana nawe. Kwenye hii, kloni itasoma kila kona ikiwemo mbovu, na kama sehemu mbovu iko ndani ya D utahamisha picha yenye tundu. Faili kubwa la .wim likiharibika sehemu moja linaweza kugoma lote. Pia GB 500 haziingii kwenye SSD ya 240 bila kupunguza patisheni kwanza. Na hata ukifaulu kuihamisha hiyo D, kilichomo ni picha ya Windows 8.

AskariMstaafu_Jinja

Ila draiva za HP zimo humo. Kadi ya Wi-Fi ya mashine za zamani inasumbua. Mimi bado ningehifadhi hiyo D, hata kama nakala tu kwenye diski ya nje.

FundiWandegeya

Hapo sawa, baada ya mafaili ya wateja kutoka salama. Dada, ukifika hapo na diski bado inapumua, nakili folda za D uziweke pembeni. Mara nyingi draiva zilizofungwa ndani yake huchukulika moja moja.

MamaBusia

Na Windows 10 yenyewe si iliachwa Oktoba 2025? Mashine hiyo haipokei 11.

FundiWandegeya

Kweli, Mama, tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya enzi ya Windows 8 haifikii masharti ya 11. Kwangu ningeweka Linux Mint na LibreOffice, lakini dada anapokea mafaili ya Word ya wateja yenye mipangilio ya kila aina, na mengine yatasogea mistari. Hilo siwezi kumwamulia.

DukaLaArua

Folda ya vyeti imetoka yote, ya kazi za shule imegoma mafaili matatu. Bado E ina GB 60. Mzee wa Jinja, draiva ya Wi-Fi humo D naitambua kwa jina gani?