Shughuli ikichelewa, niombeje radhi? Nina hofu ya Jumamosi

MwanaLikoni: Asalaam aleikum wanabaraza. Jumamosi nasherehesha hafla ya madrasa ya mtaani kwetu, watoto 24 wanapewa zawadi za kuhitimu. Ukumbi uko kisiwani Mombasa, kadi zasema saa tisa alasiri. Mara ya mwisho kushika maikrofoni tulichelewa, nikasema, "Poleni, naona bado mna nguvu." Mama mmoja safu ya mbele akachukua mkoba wake akatoka. Nipeni maneno ya kuomba radhi na kuwaingiza watu kwenye ratiba bila kuwaudhi.

BintiMajengo: Kwanza, usiwasalimie halafu useme "sijasikia" ili waitikie kwa sauti. Mtu amekaa saa nzima na mtoto mapajani, wamtaka apige kelele? Salamu moja yatosha.

BahariaMstaafu: Omba radhi kwa dhati, tena urudie kila kipindi kipya kinapoanza, wajue unajali. Vijana wa siku hizi saa hawazijali kabisa.

UmmZuwena: Kwenye harusi ya mwanangu pilau ndiyo iliyochelewa, mpishi hakuja na kuni za kutosha. Tukawapa watu kaimati na kahawa, hakuna aliyenung'unika. Pikeni kitu mapema.

MwanaLikoni: Shukran mama, lakini chakula si kazi yangu. Nataka maneno.

FundiVipaza: Ngoja kwanza. Leo ni Alhamisi, shughuli ni Jumamosi. Umejuaje itachelewa? Uzi huu umetungwa.

BintiMajengo: Hata mimi nimeshtuka. Sema kweli, ndugu yangu.

MwanaLikoni: Wallahi sijatunga. Mgeni rasmi alishasema atafika saa kumi na nusu. Kamati imeona kadi zisibadilishwe, ati watu wa hapa hata ukiwaambia saa tisa huja saa kumi. Nimeambiwa niseme foleni ya feri ndiyo iliyotuchelewesha, nami nimeshakubali. Si uongo mkubwa, feri huchelewesha watu kila siku.

FundiVipaza: Na nusu ya wageni wako watakuwa wamevuka Likoni mchana huohuo! Mmoja akisema "mbona mimi nimepita vizuri," umekwisha. Mimi bado naona ni hadithi.

MaalimJukwaani: Iwe hadithi au kweli, jambo hili hutokea, nami nimelishughulikia mara nyingi. Mwanangu, hesabu kwanza. Ukianza saa kumi na nusu, una saa moja na nusu tu kabla watu hawajaanza kuitazama Magharibi. Ratiba yenu ni ya muda gani?

MwanaLikoni: Saa mbili na nusu. Hotuba ziko tano.

MaalimJukwaani: Basi hata uombe radhi kwa maneno matamu namna gani, saa kumi na mbili wataondoka na watoto hawajatunzwa. Muombe mwenyekiti mambo mawili. Mosi, saa tisa muanze kwa dua na kasida za watoto, wazazi wamewafuata watoto wao. Alasiri ikiadhiniwa watu waswali, mkirudi muanze zawadi, naye mgeni amalizie zilizobaki. Pili, hotuba zibaki mbili, dakika tano kila moja.

Akikataa hilo la kwanza, basi saa tisa na dakika kumi uwe umesimama tayari. Anayengoja bila kuambiwa kitu ndiye anayekasirika zaidi. Mwambie saa halisi ya kuanza, aende akaswali au akanywe maji. Mkianza, radhi iombwe mara moja tu, kabla hata hujataja meza kuu. Baharia, kuirudia ni kuwakumbusha hasira. Mimi ningesema hivi:

"Asalaam aleikum. Kadi zilisema saa tisa, tunaanza saa kumi na nusu. Kosa ni letu waandalizi, tuwieni radhi. Tumepunguza hotuba ili tumalize kabla ya Magharibi. Kwanza dua, kisha watoto wenu, kisha neno fupi la mgeni. Karibuni."

Haifiki dakika moja. Usimtaje mgeni kuwa ndiye sababu, na usitaje feri.

MwanaLikoni: Maalim, mwenyekiti ni mjomba wangu. Nikisema "kosa ni letu" ataona nimemuanika.

BahariaMstaafu: Radhi bila sababu si radhi. Watu watauliza.

MaalimJukwaani: Wakiuliza, wajibiwe pembeni. Mjomba msomee maneno yenyewe leo baada ya Isha, asiyasikie ukumbini kwa mara ya kwanza.

BintiMajengo: Na usipomshawishi, utasema feri?

MwanaLikoni: Sijui, dada. Kusema kweli sijui. Na mgeni akiingia mtoto yuko katikati ya kasida, nimkatize?

MaalimJukwaani: Mtoto amalize. Mgeni atapata kiti kwa upole, na utamtambulisha kasida ikiisha.