Shuka za chumba cha wageni: pamba tupu au mchanganyiko?

BiMkubwa_Rehema
Jamani, nina wageni wa sikukuu wiki ijayo, watalala siku 4. Nataka chumba kiwakaribishe. Mapazia nimefua na taa ndogo za kuning'iniza ninazo. Nimebaki kwenye shuka tu: pamba tupu, au pamba iliyochanganywa na poliesta? Zote mbili ni nyeupe na ukubwa ni uleule. Nisaidieni kuchagua.

Kibarazani
Dada, wageni wangapi? Wazee au watoto? Godoro lina ukubwa gani, na unene je? Hujatuambia lolote.

Mzee_wa_Nyuzi300
Chukua pamba, tena yenye nyuzi nyingi kabisa. Penye 1000 pana ubora kuliko 300, hilo halina mjadala. Poliesta hainyonyi jasho, mgeni ataamka mgongo umelowa.

FundiCherehani
Kuhusu jasho uko sahihi, kaka. Hesabu ya nyuzi ndiyo inayodanganya. Inchi moja ya mraba haina nafasi ya nyuzi nyembamba zisizo na mwisho, kwa hiyo viwanda vingine husokota nyuzi mbili au tatu pamoja kisha vikahesabu kila mmoja peke yake. Shuka la namba kubwa namna hiyo huwa zito na halipitishi hewa vizuri. Mimi nikishona za wageni sivuki 400.

BiMkubwa_Rehema
Samahani, nilisahau. Anakuja mama mkwe na mjukuu wake wa miaka 5, watalala kitanda kimoja. Godoro ni inchi 60 kwa 72, unene inchi 10. Shuka ni inchi 90 kwa 100, hazina lastiki.

FundiCherehani
Sasa tunaweza kupiga hesabu. Upana wa godoro 60, ongeza unene wa pande mbili, 20, unapata 80. Kinachozidi hapo ndicho cha kuchomekea chini. Shuka la 90 linakuachia inchi 5 kila upande, na kwa urefu inchi 4 kila mwisho. Kwa mtu mzima aliyetulia zinatosha kwa shida.

Lakini pamba tupu ambayo haikutayarishwa kiwandani inaweza kupungua kama asilimia 5 kwenye ufuaji wa kwanza. Ile 90 inakuwa 85 na nusu, na 100 inakuwa 95. Hapo huna hata inchi 3 za kuchomekea ubavuni, na miguuni unabaki na moja na nusu. Mtoto akigeuka mara mbili, asubuhi bibi yake amelalia godoro tupu. Mchanganyiko haupungui sana. Kwa hiyo kwa vipimo hivi ningetumia mchanganyiko, ingawa napenda pamba. Au tafuta pamba ya 100 kwa 110.

Mzee_wa_Nyuzi300
Basi asizifue, atandike mpya zikiwa zimenyooka.

NuruYaMama
Hapana baba, zifuliwe. Shuka mpya ina dawa ya kuikakamaza, inawasha ngozi na ina harufu. Na hiyo harufu ndiyo iliyoniumiza. Mwaka juzi nilimwandalia shangazi yangu chumba kwa mapenzi yote. Nilipulizia manukato kwenye mito, nikawasha mshumaa wenye harufu, nikafunga dirisha ili isitoke. Sikumuuliza kama ana pumu. Saa 8 usiku nikamsikia anakohoa, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anavuta pumzi kwa shida, kifaa chake cha kuvutia dawa kiko ndani ya sanduku na taa hajui inawashiwa wapi. Tulimhamishia sebuleni, tukafungua madirisha yote, akavuta dawa akatulia. Tangu hapo mito yangu hunukia jua tu. Na taa huiweka pale mkono unapofika mtu akiwa amelala.

Kibarazani
Pole sana. Rehema, lala humo usiku mmoja kabla hawajafika. Utajua kama taa inafikika na kama kuna mahali pa kuweka sanduku.

Ua_la_Asubuhi
Mimi sebuleni kwangu naweka maua makubwa kwenye meza ya kati na kitambaa chekundu. Wageni husifia sana.

Kibarazani
Anauliza chumba cha kulala, mpenzi. Kidogo tu kinatosha humo, kishada kimoja kisicho na harufu kali.

Ua_la_Asubuhi
Na zile taa za kuning'iniza? Mimi ningezungushia kichwani mwa kitanda.

FundiCherehani
Ukutani mbali na mtoto, si kwenye mbao za kitanda wala karibu na pazia. Na zizimwe watu wakilala.

NuruYaMama
Mwanga uwe wa manjano, balbu ya 2700K. Nyeupe kali inamnyima mtoto usingizi.

BiMkubwa_Rehema
Nimeloweka shuka moja ya pamba, nitaipima ikikauka. Mchanganyiko bado uko kwenye mfuko. Lakini mtoto wa miaka 5 kwa usiku 4, godoro nilifunike na nini?

Mzee_wa_Nyuzi300
Plastiki.

FundiCherehani
Plastiki tupu inapiga kelele na kumtoa bibi jasho. Kuna kifuniko cha taulo chenye utando usiopitisha maji chini yake. Kina lastiki pembeni, hivyo pima unene kwanza.