Naomba ushauri: kumwomba jirani aniangalizie nyumba na kuku 20/12 hadi 4/1 bila kumlemea

Ua_la_Moshono (mleta uzi), 3 Desemba

Habari za jioni wakuu. Niko Moshono, Arusha. Familia nzima tunakwenda Mbeya, tunatoka Jumamosi tarehe 20 Desemba na kurudi Jumapili tarehe 4 Januari. Nyumba itabaki tupu. Kuna kuku sita wa mayai, simtanki la lita 1000, luku, na geti la kufuli.

Jirani tunayepakana ukuta ni mama mtu mzima, mstaafu, mwenyeji wa Rombo. Tunaelewana, tunasaidiana chumvi na kiberiti, lakini sijawahi kumwomba jambo la siku nyingi hivi. Nikimwomba hawezi kukataa, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Nitamwombaje ili awe na nafasi ya kusema hapana? Na funguo ya ndani nimwachie?

Kijenge_Juu

Weka mlinzi mkuu. Elfu kumi kwa usiku, mambo yanaisha.

Ua_la_Moshono

Sijauliza mlinzi. Mlinzi wa usiku hatalisha kuku asubuhi, na huyo mama atamwona mgeni getini kila siku bila kujua ni nani.

BintiUsa

Anza na kalenda yako, maana hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata ya kubisha hodi. Watu husema "wiki mbili tu mama". Wiki mbili ni siku 14. Sasa hesabu asubuhi ambazo kuku watasubiri chakula. Ukiondoka alfajiri ya tarehe 20, asubuhi ya kwanza ni hiyohiyo ya tarehe 20, na ukirudi usiku wa tarehe 4, asubuhi ya mwisho ni ya tarehe 4. Hizo ni asubuhi 16. Mtu aliyekubali 14 akajikuta ana 16 hatasema kitu, ila safari ijayo ukimwomba atakuwa na wageni.

Pili, basi la Mbeya. Ukimwambia "tunaondoka Jumamosi usiku" yeye atakuelewa vipi? Mwingine ataelewa Jumamosi jua likishazama, kumbe wewe unasema saa tisa za usiku wa kuamkia Jumamosi. Ni siku nzima hiyo, na kuku wameshinda na njaa. Sema "usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 20" na utaje saa. Kurudi hivyohivyo. Ukifungua geti saa sita usiku bila yeye kujua, atapiga yowe la mwizi, na atakuwa na haki.

Tatu, umesema ni mwenyeji wa Rombo. Unajua mwenyewe Arusha inavyokuwa wiki ya Krismasi, nusu ya mtaa iko mlimani. Kwa hiyo usianze na ombi lako. Anza na swali: "Mama, sikukuu mwaka huu mtakuwepo au mnakwenda nyumbani?" Akisema anakwenda, ombi limeshakatika lenyewe na hakuna aliyeaibika. Mlango wa kukataa ni huo, umpe kabla hajajua kwamba anaombwa.

mzee_wa_kahawa

Hapo kwa swali la kwanza nakubali kabisa. Naongeza kwamba aende mwenyewe, jioni kazi zikishapungua, akae, asalimie, aulize hali. Asiombe getini huku ameshika funguo za gari. Na asimtume mtoto. Ombi la kutumiwa mtoto ni amri.

Ila mimi nasema ampe kitu mapema. Hata elfu hamsini ya soda. Mtu mzima halishi kuku wako bure siku kumi na sita.

BintiUsa

Mzee, nia yako ni njema lakini pesa kabla ya kazi inambadilisha mama kuwa kibarua. Akichelewa siku moja atajiona kala hela ya mtu. Kwenye kuku jibu limo ndani yake: kuku sita wanaotaga vizuri hutoa mayai manne hivi kwa siku, kwa siku hizo 16 ni kama trei mbili. Mwambie mayai yote ni yake tangu siku ya kwanza, aokote ale au auze, asikuwekee hata moja. Asipookota yatavunjika, kuku watazoea kuyala, kwa hiyo akiyachukua anakusaidia kweli, haonewi huruma. Ukirudi lete mchele wa Kyela kilo tano. Usiutaje kabla.

mzee_wa_kahawa

Mayai sawa. Kuhusu hela tusibishane, kila nyumba na desturi yake.

mpangaji_wa_Sakina

Na sisi tulio uwani, wapangaji wanne mita moja ya luku? Mimi nikisafiri jirani ananiambia bado nachangia umeme. Nachangia vipi wakati mlango umefungwa?

FundiKoki

Mpangaji fungua uzi wako, hilo ni la luku ya kuchangia.

Mleta uzi, mwenzako akiomba kuangaliziwa nyumba, asilimia kubwa ya usumbufu ni maji na umeme, na vyote unaweza kuvimaliza kabla hujaondoka ili mama asiguse kabisa.

Maji: funga koki ya kwenye mita, siyo bomba la jikoni peke yake. Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Maji yamekatika, mtu anafungua bomba, hakuna kitu, anasahau kulifunga, anasafiri. Maji yakirudi usiku yanamwagika mpaka mtu ayaone. Au boya la kwenye simtanki limechoka, halizibi, tanki linafurika na kumwaga upande wa ukuta wa jirani. Ukifunga kwenye mita hayo yote hayapo. Kisha funga na koki ya kutoka kwenye tanki kuingia ndani, maana tanki lina lita 1000 zake na bomba likipasuka ndani zitashuka zote. Baada ya kufunga, fungua bomba moja la ndani uone. Likichuruzika kidogo na kukata, sawa. Likiendelea, koki haizibi, badilisha kabla ya tarehe 20.

Kwa maji ya kuku jaza madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko, uyaweke kivulini bandani. Kuku sita lita mbili kwa siku zinatosha, kwa asubuhi 16 ni lita 32, zinabaki nane.

Umeme: usimwachie namba za luku azibonyeze. Toa vyote kwenye friji, izime, iache mlango wazi kidogo isivunde. Zitabaki taa mbili za nje, za wati tisa zikiwaka usiku kucha hazifikishi uniti nne kwa safari yote.

Kijenge_Juu

Mbona mnazungusha? Apeleke kuku kwa huyo mama, awachanganye na wake, akirudi awachukue. Hakuna geti, hakuna funguo.

BintiUsa

Nusu yake ni kweli, kazi ya geti inaisha. Lakini kuku wageni wakiingia banda la watu wanadonolewa siku tatu nne mpaka wajue mkubwa nani, na utagaji unashuka pande zote mbili. Halafu kideri. Kuku wako wakiwa nacho bado hakijaonekana, utakuwa umemwachia mama banda la mizoga. Wabaki kwao. Na kama hawajachanjwa ndani ya miezi mitatu, wachanjwe sasa, kabla ya tarehe 6, tone moja jichoni, ili wapate wiki mbili za kinga kujengeka kabla hujaondoka.

Chakula usimwachie gunia akadirie. Kuku wa mayai anakula gramu 120 hivi kwa siku, sita ni gramu 720. Tafuta kopo, lipime kwenye mizani dukani, likate pale gramu 720 zinapofika, liweke ndani ya ndoo yenye mfuniko (panya). Kopo moja, asubuhi moja. Asubuhi 16 ni kilo 11 na nusu, wewe nunua 15. Basi likikwama njiani, mama ana chakula cha siku nne zaidi bila kukupigia.

Ukishakubaliwa kwa mdomo, mtumie ujumbe kama huu abaki nao kwenye simu:

"Shikamoo mama. Kama tulivyoongea, tunaondoka usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 20/12. Saa 9 usiku utasikia geti, ni sisi. Kuku ni kuanzia Jumamosi hiyo asubuhi mpaka Jumapili tarehe 4/1 asubuhi, kopo moja na maji, mara moja kwa siku. Mayai yote ni yako. Kuku akiugua au akifa si kosa lako, nipigie tu, mdogo wangu yuko Usa atakuja kumfukia. Tunaingia Jumapili tarehe 4 usiku, kati ya saa 4 na saa 6. Nitakupigia tukifika Makuyuni. Tukichelewa utajua kabla ya Jumamosi tarehe 3 mchana."

Hiyo ya kuku akifa usiifute. Ndiyo inayomlaza mtu usingizi.

Ua_la_Moshono

Mdogo wangu yuko Ngaramtoni lakini nimeelewa. Na funguo ya ndani?

BintiUsa

Mpe ya geti tu, ndani asiguse. Kikipotea kijiko, wa kwanza kufikiriwa ni mwenye funguo, hata usiposema. Ya ndani akae nayo mdogo wako.

FundiKoki

Hapo mimi siafiki. Umeme ukileta hitilafu ndani, Ngaramtoni ni mbali. Afadhali funguo iwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, mama aitunze bila kuitumia.

BintiUsa

Kama hofu ni umeme, azime swichi kuu ya ndani, fundi amtenganishie laini ya taa za nje. Bahasha nayo ni mzigo, mtu anailinda kama hati ya kiwanja.

FundiKoki

Kutenganisha laini ni kazi na gharama ya fundi. Bahasha ni bure.

Ua_la_Moshono, 5 Desemba

Mrejesho. Nimekwenda jana jioni, nikaanza na swali la sikukuu. Kumbe anakwenda Rombo tarehe 23 mchana na kurudi tarehe 27 jioni. Nikasema basi mama, nitatafuta njia nyingine. Akaniuliza mwenyewe, "Njia gani, na mimi nipo hizo siku nyingine?" Hapo ndipo nikaeleza.

Kwa hiyo zake ni asubuhi 12. Asubuhi za tarehe 24, 25, 26 na 27 atakuja mdogo wangu. Kopo nimelikata leo, gramu 720 zimefika chini kidogo ya nusu. Chanjo ni kesho. Kilichobaki ni funguo ya geti. Akienda Rombo aondoke nayo, au amwachie mdogo wangu tarehe 23 halafu airudishe tarehe 27?

mzee_wa_kahawa

Chonga ya pili. Funguo moja mikono miwili, siku moja itabaki mfukoni Rombo.