Mrejesho: kumwalika kahawa kwa Kijerumani

Niliuliza: "Nipo Leipzig, nataka kumtoa dada mmoja kahawa, nimwandikieje kwa Kijerumani ili akitaka kukataa asione noma?"

Wakuu asanteni sana. Nilianza na Hättest badala ya Hast kama mlivyosema, ni laini zaidi, nikamtumia: "Hättest du Lust, am Samstag einen Kaffee trinken zu gehen? Wenn nicht, auch kein Problem." Yaani kama angependa tukanywe kahawa Jumamosi, na asipotaka hakuna shida. Akajibu Jumamosi hana nafasi, nikajua ndo basi, ila yule aliyesema angalia kama atataja siku nyingine alikuwa sahihi, maana chini yake kaandika Jumapili anaweza, tukaenda. Kilichofeli ni mdomoni, kumuomba tuonane tena nikakwama kwenye kitenzi, nikamalizia kwa meseji kwenye tramu. Hajajibu bado, na simkumbushi.